Waranti ya friji: barua ya kampuni na jibu la mteja wa Donholm

IDARA YA HUDUMA KWA WATEJA
Barabara ya Mombasa, Nairobi
2 Mei 2025

Kwa Bi. Mwende,
Donholm, Nairobi

KUH: OMBI LA WARANTI, FRIJI YA LITA 240, TIKITI NAMBA 4471

Tunakushukuru kwa kuchagua bidhaa yetu. Fundi wetu alifika nyumbani kwako tarehe 22 Aprili 2025, na ripoti yake imepitiwa na kitengo cha ufundi.

Imebainika kuwa mota ya kompresa imeungua kutokana na kupanda kwa ghafla kwa nguvu za umeme. Usiku wa 12 Aprili 2025 umeme ulikatika katika mtaa wako, na uliporudi ulikuja na nguvu isiyo ya kawaida. Kifungu cha 7(c) cha masharti ya waranti kinasema kuwa kampuni haitagharamia "uharibifu unaotokana na kupanda au kushuka kwa umeme, radi, mafuriko au matumizi mabaya".

Kwa hiyo tunasikitika kukujulisha kuwa ombi lako limekataliwa. Ukitaka tuitengeneze kwa gharama yako, kompresa mpya ni Sh16,500, gesi na kazi ni Sh4,500. Ada ya ukaguzi ya Sh2,000 italipwa kwa vyovyote vile. Tunakushauri pia ununue kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme.

Uamuzi huu ni wa mwisho.

Msimamizi, Madai ya Waranti

---

Donholm, Nairobi
7 Mei 2025

Kwa Msimamizi, Madai ya Waranti,
Barabara ya Mombasa, Nairobi

KUH: JIBU KWA BARUA YENU YA 2 MEI 2025, TIKITI NAMBA 4471

Nimeipokea barua yenu na kuisoma kwa makini, pamoja na masharti ya waranti yaliyokuja ndani ya kartoni. Siukubali uamuzi wenu. Sababu zangu nazieleza hapa na ushahidi nimeuambatisha, ili yeyote atakayeisoma barua hii baada yenu asihitaji kuniuliza tena.

Nianze na tarehe, kwa maana hapo ndipo maelezo yenu yanapoanguka. Mnasema friji iliharibiwa na stima ya usiku wa 12 Aprili. Mimi nililalamika tarehe 27 Machi. Siku hiyo niliwaandikia kwa WhatsApp, kwenye namba iliyo juu ya kadi ya waranti, nikasema maziwa yanachacha kabla ya jioni na nyama ya friza inalainika ilhali mashine inanguruma bila kupumzika. Mlinijibu siku hiyo hiyo mkanipa tikiti namba 4471, namba ile ile mliyoiandika juu ya barua yenu. Kiambatisho A ni picha ya mazungumzo hayo. Stima ya Aprili haiwezi kuharibu kitu kilichokuwa kimeshaharibika Machi. Kama fundi wenu angekuja mwezi ule ule wa Machi, hata hiyo tarehe 12 msingekuwa nayo ya kuitaja.

La pili ni jobu kadi ya fundi wenu, ambayo mimi na yeye tuliitia sahihi (Kiambatisho B). Kwa mkono wake ameandika: "Kompresa inazunguka. Haigandishi. Barafu sehemu ndogo ya juu." Barua yenu inasema mota ya kompresa imeungua. Mota iliyoungua haizunguki. Kati ya tarehe 22 Aprili na 2 Mei hakuna aliyerudi kwangu kuipima tena, kwa hiyo sielewi kitengo cha ufundi kiliuona wapi moto ambao mtu aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya friji hakuuona. Naomba nipewe ripoti hiyo mnayoitaja: vipimo vilivyochukuliwa, aliyevichukua, na picha ya sehemu iliyoungua.

Fundi wenu hakutoa mita mfukoni. Aliisikiliza kompresa, akafungua mlango wa friza, akauliza kama stima hupotea hapa Donholm. Nilimjibu ukweli, kwamba hupotea, kama inavyopotea mitaa mingi ya Nairobi. Nadhani jibu hilo ndilo lililogeuka kuwa ripoti.

Kwa kuwa vipimo havikuwapo, nilimwita fundi wa friji wa kujitegemea tarehe 5 Mei. Nilimkataza kukata bomba au kufungua mfumo wa gesi, nikijua mtasema friji imechokorwa. Kazi yote imerekodiwa kwa video, na jirani yangu alikuwepo (Kiambatisho C na D). Aliyoyakuta ni haya.

Kwanza alichomoa friji kwenye soketi, akatoa kifuniko cha relei inayowasha mota na kupima nyaya za ndani ya mota kwa mita. Kati ya pini ya kawaida na ya kuendeshea alipata omu 14, kati ya kawaida na ya kuwashia omu 17, na kati ya hizo mbili za mwisho omu 31. Kumi na nne na kumi na saba ni thelathini na moja: waya haujakatika wala haujagusana. Kisha akapima kila pini dhidi ya chuma cha kompresa, na mita haikuonyesha njia yoyote ya umeme kupita. Mota iliyounguzwa na stima huonyesha waya uliokatika, au omu zilizoshuka ovyo, au umeme unaovuja kwenda kwenye bodi. Hapa hakuna hata kimoja. Relei ni nzima, na kile kikinga cha joto kilichobanwa ubavuni mwa kompresa pia ni kizima. Taa ya ndani bado inawaka.

Halafu akaiwasha na kuiacha izunguke. Soketi ilikuwa na volti 238. Kibao cha friji yenu kinasema 220 hadi 240, ampea 0.8, gesi R600a gramu 48. Kompresa ilikuwa inavuta ampea 0.45 tu. Sitaki kuitegemea namba hiyo peke yake, kwa sababu namba ya kwenye kibao si lazima ionekane kila dakika, lakini iunganisheni na mengine: zile mbavu za friji ambazo zamani zilikuwa na joto la kuanikia kitambaa cha sahani sasa ni baridi kabisa, na barafu imejikusanya mahali pa upana wa kiganja, pale gesi inapoingilia, kwingine kote pakavu. Kompresa inafanya kazi lakini haina cha kusukuma. Gesi imepungua.

Mahali gesi ilipovujia tumepaona. Nyuma, chini, bomba jembamba linapoungana na draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu kwenye gesi, kuna doa la mafuta. Gesi ikivuja hapo hubeba na mafuta kidogo ya kompresa, ndiyo maana fundi huanza kutafuta doa. Alipaka povu la sabuni kwenye kiungo hicho mashine ikiwa inazunguka, na viputo vikatoka. Katika video mtaviona baada ya dakika ya sita. Kiungo hicho kiliunganishwa kiwandani kwenu. Stima, hata ije kwa nguvu ya namna gani, haitoboi kiungo cha bomba la shaba na kuacha nyaya za mota salama pembeni yake.

Hata mwenendo wa ugonjwa wenyewe unawakana. Stima ikiua friji, huiua mara moja: jioni ilikuwa nzima, asubuhi imekufa. Yangu ilidhoofika polepole. Barafu ilianza kupungua, maziwa yakafuata, mwishowe hata maji ya kunywa hayakupoa. Hivyo ndivyo friji inayopoteza gesi kidogo kidogo inavyokwisha.

Kuhusu ushauri wenu kwamba ninunue kifaa cha kulinda friji: ninacho. Nilinunua friji gadi siku moja na friji, tarehe 9 Novemba 2024, duka lile lile la Luthuli Avenue, na zote mbili ziko kwenye risiti moja (Kiambatisho E). Fundi wenu aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe ili afikie soketi. Friji gadi hiyo hukata stima ikishuka au ikipanda kupita kiasi, na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuirudisha. Mnaweza kusema kwamba friji gadi haiwezi kuzuia msukumo mkali wa nukta ya sekunde, kama ule wa radi, na mtakuwa na haki. Ila msukumo kama huo ungekutana na friji gadi kwanza, na bado inafanya kazi. Televisheni, dikoda na ruta, ambazo zinatumia saketi ile ile bila ulinzi wowote, nazo ni nzima.

Mnaweza pia kusema kompresa imechoka ndani, kwenye vali, na kwamba mita haiwezi kuliona hilo. Sawa, lakini uchovu wa vali ni ubovu wa chuma. Hautokani na umeme, na kadi yenu inaipa kompresa waranti ya miaka 10.

Sasa sheria, kwa ufupi. Mnaoegemea kifungu cha 7(c) ni ninyi, kwa hiyo ninyi ndio wa kuthibitisha kwamba kilichotajwa humo kimetokea. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 109, inamwekea mzigo wa kuthibitisha jambo yule anayetaka liaminiwe. Kukatika kwa stima mtaani si uthibitisho kwamba friji moja ndani ya nyumba moja imeungua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inahusu ubora wa kitu kinachouzwa na kufaa kwake kwa kazi yake, na Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Friji ya Sh58,500 iliyoacha kugandisha kabla ya kumaliza miezi 5 haijatimiza hayo.

Ninachoomba ni kwamba mbadilishe kiungo kilichovuja pamoja na draya, mvute hewa yote kwenye mfumo, mjaze gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao, na yote hayo yawe chini ya waranti. Kompresa mpya siihitaji. Sioni kwa nini mniuzie kwa Sh16,500 kitu kisicho na ubovu. Mkikuta uvujaji umo pia ndani ya ukuta wa friza, ambako hapafikiki kwa kuunganisha, basi nipewe friji nyingine ya aina hiyo hiyo. Ada ya Sh2,000 iondolewe kwenye akaunti yangu, kwa sababu ukaguzi bila vipimo haukunisaidia kitu.

Nawapa hadi 21 Mei 2025 kunijibu kwa maandishi. Baada ya hapo nitawasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na haimlazimu mtu kwenda na wakili. Fundi wangu amekubali kutoa ushahidi. Wa kwenu nitaomba aitwe pia, kwa sababu aliyoyaandika kwenye jobu kadi yananifaa mimi.

Friji iko pale pale ilipokuwa, bomba halijaguswa, na doa la mafuta sijalifuta. Mkimtuma fundi, aje na mita na mizani ya gesi. Jumamosi niko nyumbani kutwa. Siku za kazi ni baada ya saa kumi na moja jioni. Apige simu akifika getini, mlinzi hamruhusu mtu kuingia bila kuniuliza.

Wenu,
Mwende

Viambatisho: A, mazungumzo ya 27 Machi, B, jobu kadi ya 22 Aprili, C, video ya 5 Mei, D, ripoti ya fundi wa kujitegemea yenye sahihi ya jirani, E, risiti ya 9 Novemba 2024.

Nakala: Meneja wa duka, Luthuli Avenue