Mpango wa Michezo wa Wiki: Darasa la Watoto wa Miaka 3 hadi 5, Ujiji, Kigoma, 9 hadi 13 Novemba 2026

Mpango huu ni wa walezi wawili wa darasa lenye watoto 24, ambao 11 kati yao hawajatimiza miaka 4. Mchezo wa siku utakuwa mmoja kwa wote na utaanza saa 3:00 asubuhi, baada ya uji. Kinachotofautiana ni kile ambacho mlezi atakitazama kwa kila mtoto kulingana na umri wake. Mlezi mmoja ataongoza mchezo, mwingine atakaa pembeni na daftari, na watapokezana kila siku. Wazazi kadhaa wameomba watoto wao waandike zaidi. Tuwajibu kwa upole kwamba vidole ambavyo bado vinasumbuka kufinyanga udongo au kufunga kifungo vitateseka bure na penseli, na tuwaalike Alhamisi wajionee.

Jumatatu watoto watapita njia ya vikwazo uwanjani: watatembea juu ya ubao uliolazwa chini, watatambaa chini ya benchi, kisha watadaka mpira mkubwa wa matambara. Wengi wa miaka 4 huudaka mpira wa namna hiyo mara nyingi, na wa miaka 5 huweza kuruka kwa mguu mmoja; wa miaka 3 tusiwadai hayo. Msimu ni wa mvua, kwa hiyo uwanja ukilowa tutacheza "nyama nyama" ndani. Mchezo huo si wa kuziba pengo tu, kwa kuwa mtoto anayejizuia asiruke anaposikia "nyama ya mbwa" anaonyesha usikivu na kujitawala, mambo ambayo njia ya vikwazo haiyaonyeshi.

Jumanne ni siku ya vidole. Watoto watafinyanga udongo, kisha watatunga shanga za vipande vya bua la jani la mpapai, ambalo lina uwazi ndani na hukatika kwa urahisi. Mlezi avikate mapema, avioshe utomvu na kuvianika. Tusitumie kokwa za mise wala vizibo, hata kama vimejaa mtaani, kwa kuwa wapo ambao bado hutia kila kitu kinywani. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida huweza kutunga vitu vikubwa na kuiga duara akionyeshwa. Wa miaka 4 huchora mtu mwenye sehemu tatu za mwili au zaidi. Mlezi aangalie mikono kuliko urefu wa mkufu: je, mkono mmoja unausukuma uzi na mwingine unaupokea, au mtoto anaubana mkufu mapajani na kufanya yote kwa mkono mmoja? Hilo ndilo la kuandika.

Jumatano watamimina maji kwa jagi na vikombe, kazi ambayo mtoto wa miaka 4 huiweza akisimamiwa. Mlezi asiondoke kwenye beseni hata kidogo, na maji yamwagwe mara mchezo unapokwisha.

Alhamisi darasa litakuwa soko la dagaa, nasi tulipatie muda mrefu kuliko michezo mingine, kwa sababu hapo lugha, hesabu na mahusiano hukutana. Majani makavu yatakuwa dagaa, vikopo vitakuwa vipimo, na vipande vya boksi vitakuwa fedha. Wa miaka 3 wanaweza kuulizana "nani?" na "nini?", wa miaka 4 husema sentensi za maneno manne au zaidi, wa miaka 5 huhesabu hadi 10 na kuendeleza mazungumzo ya kupokezana zaidi ya mara tatu, na kupatana bei kunayaleta yenyewe. Mlezi awe mteja mgumu: aulize mbona kipimo hakijajaa, kisha anyamaze angoje jibu. Sentensi iliyosemwa kwa Kiha ihesabiwe sawa na ya Kiswahili, maana tunapima ukuaji wa mtoto, si lugha ya nyumbani kwao. Wakigombania kikopo, tusubiri kidogo kabla ya kuingilia, ila wakianza kupigana.

Ijumaa watoto wengi huchukuliwa mapema kwa ajili ya swala, hivyo kutakuwa na hadithi fupi moja na maswali juu yake. Baada ya hapo walezi watapitia daftari pamoja. Mtoto aliyeshindwa jambo moja wiki hii tutamrudishia mchezo huohuo wiki ijayo, kwa kuwa huenda alikuwa na usingizi au njaa. Lakini yule aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, kwa mfano aliyekuwa akizungumza na sasa hazungumzi, mzazi wake aelezwe faraghani siku hiyohiyo na kushauriwa ampeleke kituo cha afya.