Mdahalo wa Alhamisi: Je, Imani na Sayansi Zinapingana? Utaratibu, Majukumu na Kanuni

Mada: "Imani ya dini na sayansi zinapingana."
Muda: vipindi viwili mfululizo, dakika 80.
Washiriki: darasa zima, wanafunzi 36. Hakuna mtazamaji.

Someni karatasi hii leo Jumatatu, msingoje asubuhi ya mdahalo. Muhula uliopita mdahalo wetu kuhusu asili ya binadamu uliharibika kabla hata ya robo saa. Mzungumzaji mmoja alimuuliza mwenzake kama babu yake alikuwa nyani. Darasa likaangua kicheko, mwenzake akamjibu kwamba moto unamsubiri, na kuanzia hapo hakuna hoja iliyosikika tena. Kosa lilikuwa langu: niliwapa mada nikasahau kuwapa utaratibu. Safari hii utaratibu ndio huu.

Pande

Pande zitapangwa kwa kura ya vikaratasi kesho Jumanne. Anayesali mara tano kwa siku au asiyekosa ibada anaweza kuangukia upande unaounga mkono, na asiyeshika dini yoyote akaangukia upande unaopinga. Nimekusudia iwe hivyo. Utakachosema jukwaani ni kazi uliyopewa, si shahada ya imani yako, na hakuna atakayekushika kwa maneno hayo nje ya darasa.

Maana ya maneno

Imani, kwa mdahalo huu, ni imani ya dini: kumwamini Mungu au miungu pamoja na mafundisho na ibada zinazofuata. "Nina imani na timu yangu" haimo. Sayansi ni njia ya kuyachunguza maumbile kwa kupima, kujaribu na kukubali kusahihishwa na ushahidi. Simu na roketi ni matunda yake tu, kwa hiyo msipoteze dakika kuzisifu.

Neno gumu ni "zinapingana". Mpingano unaweza kuwa wa madai: huyu anasema dunia ina miaka elfu chache, yule anasema takriban bilioni 4.5. Unaweza kuwa wa njia: ufunuo unapokelewa, jaribio linarudiwa. Au unaweza kuwa wa mamlaka: nani ana neno la mwisho juu ya kitakachofundishwa. Mzungumzaji wa kwanza wa kila upande atamke wazi anazungumzia mpingano upi. Aliyeonyesha kwamba viongozi wa dini waliwahi kumnyamazisha mwanasayansi ameonyesha mpingano wa mamlaka. Ule wa madai bado anadaiwa.

Upande unaopinga nao una mtego wake. Ian Barbour, aliyekuwa mwanafizikia na mwanatheolojia, aliyagawa mahusiano ya dini na sayansi katika mafungu manne: mgongano, kila moja kujitegemea, mazungumzo, na muunganiko. Nyinyi mna matatu ya kuchagua, lakini chagueni. Huwezi kusema katika dakika ya pili kwamba imani na sayansi hazikutani kabisa, kisha katika dakika ya nne ukadai kwamba sayansi imethibitisha maandiko. Wahojaji wenye macho watakungoja hapo hapo.

Majukumu

Mwenyekiti (1) huruhusu na kukatiza. Hatoi maoni, hachekelei, na hata mimi nitanyoosha mkono nikitaka kusema.

Mtunza muda (1) hugonga meza mara moja ikibaki dakika moja, mara mbili muda ukiisha. Baada ya mara mbili, maneno yanayofuata hayahesabiwi.

Katibu (1) hugawa ubao safu mbili na kuandika hoja za kila upande kwa maneno machache. Hoja iliyojibiwa huipigia mstari chini. Isiyojibiwa huiacha ilivyo, na kila mtu aone.

Wazungumzaji (3 kila upande): wa kwanza hufafanua na kufungua hoja, wa pili huleta ushahidi na kujibu, wa tatu huhoji na kufanya majumuisho.

Wahakiki wa madai (2) hukaa na vitabu vyao mezani, na wanaruhusiwa kutumia maktaba tangu Jumanne. Wakisikia tarehe au tukio wanalolitilia shaka, huinua kadi ya njano. Mzungumzaji hujibu ametoa wapi habari hiyo. Akishindwa, dai linafutwa ubaoni. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote katika mdahalo, na ndiyo inayodharauliwa zaidi.

Majaji (3) hutoa alama. Waliobaki 22 ni hadhira, nao wana robo saa yao.

Mtiririko

Mwenyekiti anafungua na kusoma kanuni: dakika 4.
Wazungumzaji wa kwanza, kuunga mkono kisha kupinga: dakika 5 kila mmoja.
Wazungumzaji wa pili: dakika 5 kila mmoja.
Mahojiano, kila upande ukiuhoji mwingine: dakika 4 kwa 4.
Kunong'onezana na kujipanga: dakika 3.
Hadhira: dakika 15, kila atakayesema sekunde 45 zisizozidi.
Kugeuza viti: dakika 10.
Majumuisho: dakika 3 kila upande.
Majaji: dakika 6.
Kuandika: dakika 8.

Salamu zile za "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mtunza muda makini, wapinzani wangu na hadhira kwa jumla" zinahesabiwa ndani ya dakika zako. "Mheshimiwa Mwenyekiti" peke yake inatosha.

Kugeuza viti maana yake ni hii: wazungumzaji wa pili wanahama meza. Wana dakika 4 za kujiandaa, kisha kila mmoja ana dakika 3 za kueleza hoja yenye nguvu zaidi ya upande aliokuwa akiupinga, kwa namna ambayo wenye hoja watasema, "Naam, ndivyo tulivyomaanisha." Si kuiga kwa kejeli, si kuisema ili kuibomoa. Wenye hoja ndio wanaoamua kama umewaelewa, na majaji wanawasikiliza wao.

Mifano ya kuanzia

Galileo atatajwa, najua. Tajeni kwa usahihi basi. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimtia hatiani kwa kutetea kwamba dunia inalizunguka jua, akabaki katika kifungo cha nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642. Hakuuawa. Wapingaji mtakimbilia kusema kwamba Kopernikus, aliyechapisha wazo hilo mwaka 1543, alikuwa mtumishi wa Kanisa hilo hilo. Ni kweli, ila haifuti hukumu ya 1633. Jibuni na hilo.

Waungaji mkono wanayo pia kesi ya mwaka 1925 huko Tennessee, Marekani, ambako mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe vilivyotangulia.

Wapingaji wanaye Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere na kuchapisha kanuni za urithi mwaka 1866. Wanaye Ibn al-Haytham, msomi Mwislamu aliyechunguza mwanga na macho katika karne ya 11. Wanaye al-Ghazali, mwanachuoni wa dini ya Kiislamu, aliyeonya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa mwezi na jua kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe.

Georges Lemaître ni wa pande zote mbili. Alikuwa padri, na mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoonekana kuihusisha nadharia ya mwanzo wa ulimwengu na uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alitaka mambo hayo mawili yasichanganywe. Mpingaji anayemtumia kuonyesha muunganiko atakuwa amejichimbia shimo. Anayemtumia kuonyesha kujitegemea amepata shahidi mzuri.

Jihadharini na hoja ya "fulani ni mwanasayansi na anaamini". Abdus Salam, Mwislamu, na Steven Weinberg, asiyeamini, walishiriki tuzo ya Nobeli ya fizikia ya mwaka 1979 kwa nadharia ile ile. Je, hilo linaonyesha kwamba imani na sayansi zinapatana, au kwamba fizikia haijali unaamini nini? Pande zote mbili zinaweza kulidai. Atakayelidai vizuri nitamkumbuka.

Kanuni

Mtu haulizwi anaamini nini. Swali kama "Kwani wewe dini yako ipi?" linamwondoa muulizaji katika mahojiano, na upande wake unapoteza dakika zake zilizobaki.

Maandiko matakatifu yanaweza kutajwa na kufafanuliwa, hayawezi kudhihakiwa. Vilevile hayawezi kuwa neno la kufunga mjadala, kwa sababu mwenzako huenda hana kitabu hicho. Ukiyataja, sema yanafundisha nini na hoja yako inatoka wapi hapo.

"Ni nadharia tu" haikubaliki. Katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyojengwa juu ya ushahidi mwingi. Ukitaka kuibomoa, bomoa ushahidi. Wala hatutaki kusikia kwamba watu wote wa kale walidhani dunia ni bapa: Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alikadiria mzingo wake katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Nukuu ya "Einstein alisema" bila kutaja ilikotoka ni kadi ya njano papo hapo.

Usiseme "Waislamu wanaamini" au "Wakristo wanakataa" kana kwamba wote ni mtu mmoja. Sema "baadhi", au taja ni nani.

Mtu akiguswa vibaya, anainua mkono na kusema "utaratibu". Mwenyekiti anasimamisha saa, mzungumzaji anasema upya alichokusudia, tunaendelea. Hakuna adhabu.

Mahojiano yaende hivi:

"Umesema imani haibadiliki. Je, wasomi wa dini hawajawahi kubadilisha tafsiri ya andiko baada ya ugunduzi?"
"Tafsiri imebadilika. Andiko halikubadilika."
"Basi kilichopingana na ugunduzi ni andiko au tafsiri?"
"Naomba sekunde tano, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Kuomba sekunde tano ni ruhusa. Kujibu "sijui" nako ni ruhusa, na majaji wasikukate alama kwa hilo.

Alama

Hoja na ushahidi 40. Kuwajibu wapinzani 30. Kugeuza viti 20. Lugha na adabu 10. Majaji wataeleza kila alama kwa sentensi moja. Hawatangazi kama mada ni kweli au si kweli. Wanatangaza upande uliojenga hoja vizuri zaidi.

Dakika nane za mwisho kila mmoja, pamoja na mwenyekiti na majaji, ataandika bila jina: hoja gani ya upande wa pili ilinifanya nisite, na kwa nini. Mistari mitano inatosha. Karatasi zinakusanywa na katibu, nitazisoma mimi tu, na Ijumaa zitachanwa mbele yenu.

Alhamisi njooni na kalamu na nusu karatasi. Wahakiki waje na vitabu vyao. Meza zipangwe kwa umbo la U kabla kengele haijalia.