Swali la 3: Moto katika kiwanda cha magodoro (alama 25)

Jumamosi saa 9:00 alasiri, mabonge mapya ya sponji yaliingizwa katika ghala la kiwanda cha magodoro jijini Dar es Salaam. Saa 11:20 jioni fundi wa nje alimaliza kuchomelea kenchi juu ya ghala hilo, akaondoka. Saa 12:35 moshi ulionekana juu ya rundo lililo chini ya kenchi. King'ora hakikulia, kilizimwa wiki moja kabla kwa sababu "kinasumbua". Mlinzi alimpigia kwanza meneja, na Zimamoto wakapigiwa saa 12:52. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa kuhofia wizi. Kati ya wafanyakazi 31, wanne walikutwa wamekufa nyuma ya mlango huo, miili yao haina majeraha ya moto.

(a) Changanua visababishi. (alama 13)
(b) Pendekeza hatua za udhibiti. (alama 12)

JIBU

(a) Kisa hiki kina maswali mawili: kwa nini ghala liliwaka, na kwa nini watu wanne walikufa. Nitayatenganisha, kwa sababu jibu la swali la kwanza halijibu la pili.

*Kwa nini ghala liliwaka.* Chanzo kinachoelekea zaidi ni cheche za kuchomelea. Cheche ikizama kwenye sponji huweza kufukuta muda mrefu kabla ya kutoa mwali, hivyo dakika 75 kati ya kuondoka kwa fundi na kuonekana kwa moshi hazishangazi. Moshi nao ulionekana chini ya kenchi lilelile. Hata hivyo, mabonge mapya siyafuti. Sponji ya poliuretani hutoa joto inapoumuka, na bonge likipangwa kabla ya kupoa, joto hilo hukaa katikati na linaweza kuliwasha lenyewe. Mchunguzi aulize mabonge ya saa 9 yalipangwa wapi. Kama yalikuwa upande mwingine wa ghala, cheche zinabaki peke yake.

Nyuma ya cheche kuna uongozi. Hakuna panapotajwa kibali cha kazi ya moto, sponji haikuondolewa wala kufunikwa, na hakuna aliyebaki kuangalia. Kumtupia fundi lawama zote ni rahisi mno: yeye ni mgeni, na aliyemruhusu kupanda juu ya shehena ile ni mwenyeji.

*Kwa nini watu walikufa.* Miili isiyoungua inaelekeza kwenye moshi. Poliuretani ikiungua hutoa kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni, gesi zinazoweza kumwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Kwa hiyo kilichohitajika ni dakika chache tu, nazo zilipotea mara tatu: king'ora kilizimwa, simu ya Zimamoto ilichelewa dakika 17, na mlango ulifungwa. La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kilipoungua mwaka 1911 wakafa watu 146, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kuhofia wizi huohuo.

Kisababishi cha mzizi: usalama ulikuwa ukishindana na usumbufu na wizi, na kila mara ukashindwa bila mtu kuulizwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwekea mwajiri wajibu huo. Haumhamii fundi wala mlinzi.

(b) Napanga kwa uharaka.

*Leo, kabla ya zamu kuanza.* Kufuli ling'olewe, libadilishwe na komeo la kusukuma linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Wizi udhibitiwe kwa kengele inayolia mlango unapofunguliwa. King'ora kirudishwe, kama kinalia ovyo, fundi atafute sababu. Mlinzi apewe amri ya maandishi: piga 114 kwanza, meneja baadaye.

*Ndani ya mwezi.* Kazi ya kuchomelea ifanyike karakana kila inapowezekana. Isipowezekana, iwe kwa kibali, ghala likiwa tupu chini yake au limefunikwa kwa turubai lisiloshika moto, na mwangalizi mwenye mtungi wa kuzimia moto. Ulinzi wa saa moja baada ya kazi usingetosha hapa: ungekwisha saa 12:20, robo saa kabla ya moshi kuonekana. Napendekeza saa moja bila kuondoka, kisha ukaguzi kila dakika 15 kwa saa tatu zaidi. Mabonge mapya yapoe usiku kucha katika banda la pembeni, yameachiana nafasi.

*Ndani ya miezi sita.* Ghala litengwe na karakana kwa ukuta unaohimili moto, na vinyunyizio vya maji vifungwe darini. Ni hatua ya gharama kubwa, lakini ndiyo pekee isiyotegemea kumbukumbu ya mtu.

Mazoezi ya kutoka yafanyike kila robo mwaka, zamu ya usiku ikiwemo, na angalau mara moja mlango wa mbele uzibwe makusudi ili watu watoke kwa huo wa nyuma.