Hongera, mpwa wangu hafidha

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah! Mama yako alinipigia simu jana baada ya magharibi, na kabla hajamaliza salamu nilishajua, kwa jinsi alivyokuwa akilia kwa furaha. Umehitimu. Sura 114, juzuu 30, zote ziko kifuani mwako, na umezisoma mbele ya ustadhi wako bila kufungua msahafu. Hongera sana, mwanangu. Mashallah, tabarakallah.

Wengi watakupongeza kwa siku ya khitma. Mimi nakupongeza zaidi kwa zile alfajiri ulizoamka peke yako, nyumba nzima imelala. Msahafu wako nimeuona. Pambizo zimejaa alama za penseli, na penye aya ya 151 ya Suratul-An'am umechora duara juu ya duara. Pale Mwenyezi Mungu anasema kwamba anawaruzuku nyinyi na wao. Katika Suratul-Israa, aya ya 31, anawaruzuku wao na nyinyi. Ulikuwa ukianza moja, unajikuta umetokea kwenye nyingine. Kisha ukaja kunieleza alivyokufafanulia ustadhi: aya ya kwanza inawahusu wazazi waliokwisha kupatwa na ufukara, basi riziki yao ikatajwa mwanzo, ya pili inawahusu wanaohofia ufukara wa kesho kwa sababu ya watoto, basi watoto wakatangulizwa. Ulivyokuwa ukinieleza, macho yako yaling'aa. Siku ile nilijua kuwa hukariri sauti tupu, mwanangu. Unasoma maneno ya Mola wako ukiwa unayasikiliza.

Sasa kuna muraja'a, na hili nakuomba ulishike. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tuichunge Qur'ani, kwani huponyoka upesi kuliko ngamia katika kamba zake. Ukisoma juzuu moja kwa siku, kwa mwezi umeizunguka yote. Ukibanwa na masomo, igawe katika sala zako, faradhi na sunna, hata kama ni kurasa chache. Pakikupotea mahali, rudi kwa ustadhi akusikilize. Mahafidhi wakubwa nao husikilizwa. Na wadogo zako wanaoanza Juzuu Amma, wasikilize wewe. Mtume amesema, "Mbora wenu ni aliyejifunza Qur'ani na akaifundisha."

Ustadhi wako usimsahau katika dua, wala wazazi wako. Baba yako si msemaji, lakini najua ni nani aliyekuwa akikungojea nje ya madrasa kila jioni.

Mwenyezi Mungu aijaalie Qur'ani iwe nuru ya moyo wako, akuwezeshe kuifanyia kazi, na Siku ya Kiyama uambiwe: soma na upande. Amin.

Ijumaa nakuja, inshallah, na zawadi yako ninayo. Nitashika msahafu, unisomee Suratul-Qamar, ile ambayo Mola wetu amerudia mara 4 kuwa ameifanya Qur'ani iwe nyepesi kukumbukwa.

Mjomba wako akupendaye