Maharage ya Jumamosi

Tyubu ya baiskeli ilikuwa imelala juu ya dumu vilevile ilivyofungwa siku ya kwanza, bapa, haina hata dalili ya hewa. Atuganile alikuwa ameliahidi darasa zima la kidato cha tatu kwamba kinyesi cha ng'ombe wa babu yake kingetoa gesi ya kuchemshia chai. Juni ikaingia Uyole na baridi yake, na siku ya kuonyesha kazi wavulana wa nyuma wakauliza chai iko wapi. Jioni alilimwaga dumu migombani, akaenda kuliweka daftari la mradi mezani kwa Madam Sanga.

"Mpe mwingine nafasi yangu, Madam. Sayansi si yangu."

Madam Sanga hakumbembeleza. Alilifungua daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama anavyosoma kazi ya mtu mzima.

"Dumu ulikuwa umeliweka wapi?"

"Nyuma ya jiko la nje, kivulini."

"Bakteria wanaotengeneza gesi hiyo wanafanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Sisi usiku wa Juni tunalala chini ya nyuzi 10. Walishikwa na baridi tu. Liandike hilo hapa, kwa wino, maana ni jibu."

Atuganile aliandika, lakini uso haukufunguka. Jibu la namna hiyo halimwondolei mtoto aibu ya kuchekwa, na mwalimu alilijua hilo.

"Kesho njoo mapema, tutafute lingine."

Kesho yake alifika saa tano, sketi ina majivu.

"Shikamoo, Madam. Nisamehe, nilikuwa nalinda maharage. Nimeyabandika tangu alfajiri na mpaka naondoka yalikuwa bado yanagoma. Mama kaongeza mkaa mara mbili, na sasa gunia linaelekea kuisha."

"Marahaba. Ni kila Jumamosi hivi?"

"Kila Jumamosi. Ndiyo maana tuisheni siwahi." Akasita kidogo. "Shangazi yangu yuko Kyela. Akija hapa anachukua maharage hayahaya ya njano, na anasema kwake yanaiva upesi. Mama anasema shangazi anapenda kujisifu tu."

Madam Sanga aliufunga mfuko wa mitihani aliyokuwa akisahihisha. Alijua jibu lote, tangu sababu mpaka tarakimu, na ingemchukua dakika mbili kulitoa. Badala yake alienda kabatini akatoa kipimajoto, akampa.

"Birika la walimu liko jikoni. Pima maji yakichemka. Kisiguse chini."

Atuganile alirudi amekunja uso. "Kibovu hiki. Maji yanatokota kabisa, kinasoma 94."

"Chukua kingine."

Cha pili kikasoma 94. Cha tatu kilikaribia 95 kisha kikashuka. Safari hii hakurudi kuuliza. Madam alimkuta amesimama mbele ya birika, kitabu cha fizikia kiko wazi mkononi, kidole kimebana mstari mmoja.

"Kinasema nyuzi 100, Madam. Halafu kinasema kwenye usawa wa bahari."

"Na sisi tuko wapi?"

"Juu." Akatazama dirishani, upande wa milima ya Uporoto. "Huku hewa ni nyepesi. Haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Basi mama akiongeza mkaa..."

"Malizia."

"Anapoteza mkaa! Maji hayawezi kupita 94 hata ukiweka gunia zima." Alisema kwa sauti kubwa mpaka mpishi akageuka. "Sasa nikiyaloweka usiku kucha? Au nikifunika sufuria na jiwe juu?"

"Mimi sijui yapi yatashinda nyumbani kwenu. Utanionyesha wewe. Lakini utajuaje kwamba yameiva? Kwa kuonja?"

Hapo walibishana kwa muda mrefu, na ndipo mradi ulipozaliwa hasa. Kuonja kulikataliwa, kwa kuwa mwenye njaa huona yameiva haraka. Wakakubaliana kuchota punje kumi kila baada ya robo saa na kuziminya kwa vidole. Zote kumi zikipondeka, muda unaandikwa. Mkaa utapimwa dukani kwenye mizani kabla ya kuwasha, na mabaki yatapimwa baada ya kuzima. Maharage yatoke gunia moja, sufuria iwe ileile.

"Na Kyela, kule chini?" Atuganile aliuliza, tayari anaandika. "Naweza kumtumia shangazi kipimajoto kwa Kosta?"

"Kitavunjika Tukuyu. Shule ikifungwa utaenda nacho mwenyewe. Saini hapa kwenye daftari la maabara."