TAARIFA YA KUSUDIO LA KUUZA NYUMBA NA NAFASI YA KWANZA KWA MPANGAJI

Rajabu Omari Mhina
Muheza, Tanga
3 Machi 2025

Kwa: Bi. Asha Juma Kibwana (Mama Salum)
Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga

Mama Salum, salamu, na Ramadhani njema kwako na watoto.

YAH: KUSUDIO LA KUUZA NYUMBA UNAYOISHI

Nakuarifu kwa maandishi kuwa nakusudia kuiuza nyumba unayopanga hapo Ngamiani. Mimi na mke wangu tumehamia shambani moja kwa moja, na kuifuatilia nyumba ya mjini kwa simu kumetushinda. Kabla sijamwambia dalali wala jirani, nakupa wewe nafasi ya kwanza ya kuinunua.

Kinachouzwa ni nyumba nzima ya vyumba vinne na sebule, banda la uani, kisima na kiwanja chake cha mita za mraba 412. Hati iko kwa jina langu, ya miaka 99. Haijawekwa rehani benki wala kwa mtu, na kodi ya pango la ardhi nimeilipa hadi mwaka huu. Usiyachukue haya kwa mdomo wangu tu: wewe au wakili wako nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi. Nakala ya hati nimeiambatisha.

Bei ninayotaka ni shilingi 85,000,000. Kwako nitapunguza 3,200,000, ambazo ni gharama za tangi la maji na vigae vya choo ulivyoweka kwa ruhusa yangu, na risiti zake ninazo. Kwa hiyo bei yako ni shilingi 81,800,000. Hapo hakuna cha juu cha mtu yeyote.

Ufa wa ukuta wa jiko unaufahamu kuliko mimi. Fundi aliyeukagua Januari anasema msingi upande ule umetitia kidogo kwa maji ya paa yanayomwagika pale pale, na mfereji wa bati haujawahi kuwekwa. Sitautengeneza kabla ya kuuza, bei imeuzingatia. Ukitaka kuleta fundi wako, mlete siku yoyote. Kuhusu mwembe wa mpakani, mimi na jirani tulishakubaliana mbele ya mwenyekiti wa mtaa: shina liko kwetu, na maandishi yapo. Mnunuzi atakabidhiwa.

Nakuomba jibu la maandishi kabla au ifikapo Alhamisi, 17 Aprili 2025. Nimekupa siku 45 makusudi, ili Ramadhani na sikukuu zisikubane, na kama utakwenda benki kuulizia mkopo upate muda. Ukikubali, tutaandikiana mkataba wa mauziano mbele ya wakili na utatoa arubuni ya asilimia 10. Salio utalimaliza ndani ya siku 90. Malipo yote yapite benki kwenye akaunti yenye jina langu. Mtu akija na ujumbe kwamba nimemtuma apokee fedha taslimu, mfukuze.

Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni asilimia 10 ya faida, nitailipa mimi. Ushuru wa stempu na ada ya kusajili uhamisho ni vya mnunuzi. Gharama ya mthamini tutagawana nusu kwa nusu.

Kodi ya nyumba uliyokwisha kulipa hadi 30 Juni haipotei. Ukinunua, miezi itakayobaki baada ya kumaliza malipo tutaikata kwenye salio, kwa shilingi 250,000 kila mwezi.

Usiponunua, hii si notisi ya kuhama. Mkataba wako wa upangaji unaendelea hadi 31 Desemba 2025, na mnunuzi mwingine yeyote atainunua nyumba ikiwa na wewe ndani, kwa masharti hayo hayo. Nitaliandika hilo kwenye mkataba wake. Wateja wakianza kuja kuangalia, utaarifiwa siku mbili kabla, na hataingia mtu chumbani mwako wewe usipokuwepo. Tena, ikitokea nimekubali kuuza kwa mtu mwingine chini ya shilingi 81,800,000, nitarudi kwako kwanza na bei hiyo hiyo, na utakuwa na siku 14 za kujibu. Ukikaa kimya mpaka 17 Aprili ipite, nitahesabu kuwa hukuhitaji, nami nitaitangaza.

Jibu lako mpe kijana wangu anayeleta barua hii, au nitumie kwa namba ile ile unayonitumia kodi, kisha barua yenyewe ifuate. Jumamosi ya tarehe 15 Machi nitakuwepo hapo nyumbani baada ya adhuhuri, tukitaka kuzungumza ana kwa ana. Njoo na baba Salum kama atakuwa amerudi safari.

Wako,

Rajabu Omari Mhina
Mmiliki (saini)

Nimeridhia mauzo haya:
Zainabu Hamisi, mke wa mmiliki (saini)

Viambatisho: nakala ya hati, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, maandishi ya mpaka.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Nimepokea barua hii leo 3 Machi 2025, saa 10 jioni:
Asha Juma Kibwana (saini)