Insha ya Maombi: Shahada ya Umahiri ya Usimamizi wa Biashara, Shule Kuu ya Biashara, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Nilianza kazi nikiwa ofisa mikopo katika taasisi ndogo ya fedha mjini Kigoma. Wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa mwalo wa Kibirizi wanaonunua dagaa. Mkataba uliwataka walete rejesho kila Jumatatu, lakini Ziwa Tanganyika halijui Jumatatu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Wiki hizo mama alikopa kwa jirani ili atulipe sisi, na vitabuni akaonekana mteja safi. Nilipendekeza marejesho yafuate giza. Mkuu wa tawi aliruhusu kikundi kimoja kijaribu, nacho kikaacha kukopa pembeni. Makao makuu hayakuendelea na wazo hilo kwa sababu mfumo wa kompyuta ulitambua wiki za kalenda tu.

Nikahamia kwa wanunuzi wenyewe. Sasa ni meneja ununuzi wa kampuni changa inayofungasha dagaa kwa soko la Dar es Salaam. Dagaa wa kuanikwa chini unamjua ukimtafuna tu, mchanga unalia menoni. Wa chanja ni msafi na bei yake iko juu, ila mama hakubali kuhangaika na chanja asipolipwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo ubora tunaojivunia unategemea fedha taslimu kuliko kitu kingine chochote. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wateja walikuwepo lakini hatukuwa na mtaji wa kujaza stoo mapema. Benki tuliyoiendea ilitaka hati ya nyumba. Magunia ya dagaa haikuyatazama.

Ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu nataka kuwa meneja wa fedha wa kampuni hii, nafasi ambayo wamiliki wamekubali kunishikia. Kazi yangu ya kwanza itakuwa kupata mkopo unaodhaminiwa na mzigo uliomo stoo. Wakulima wa korosho wana stakabadhi ghalani. Dagaa ni mgumu zaidi, maana akipata unyevu thamani yake inashuka mara moja, na hakuna benki itakayokopesha bila kujua inashuka kwa kiasi gani.

Hapo ndipo elimu yangu ya mwaloni inapoishia. Kukadiria hatari na kuandaa makisio ambayo mkopeshaji atayaamini sijui vya kutosha, ndiyo maana naomba kujikita katika fedha. Nimechagua Mlimani pia kwa sababu wanunuzi wetu wako jijini humo, na watu wa mabenki ninaotaka kuwahoji wako humo humo. Kwa tasnifu nitatumia daftari zetu za ununuzi, ambazo wamiliki wameniruhusu kuzichambua, kupima jinsi bei ya dagaa wa chanja inavyobadilika kati ya giza na mbalamwezi.